Kitabu cha Wakulima Alichompa Mpaka Rangi

Simu ya Hillary iliingia saa nne na robo asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya mama yake, dada yangu Munyiva, nikimuuzia vitabu vyake vya mitumba karibu na soko la Kitengela. Yeye alikuwa amelazwa Kajiado siku ya tatu kwa sababu ya presha. Hillary alisema, "Anti, Mama ametuacha," kisha nikamsikia akimpa muuguzi simu kwa sababu hakuweza kuendelea.

Mbele yangu alikuwa amesimama msichana mwenye madoa ya rangi nyeupe mikononi. Alikuwa ameshika kitabu chembamba kilichobanwa nusu yake kwa pegi ya nguo.

"Nimekuja kufunguliwa," alisema. "Mama Hillary yuko wapi?"

Nilimjua. Anaitwa Soipan, anapaka rangi nyumba zinazojengwa kuanzia hapa mpaka Kisaju. Nilimsogezea kreti akae, na tukakaa hivyo, mimi nikilia na yeye akiwa bado ameshika kile kitabu.

Ili mtu aelewe alichokuwa amekuja kufunguliwa, lazima nirudi mwezi wa pili, siku alipokuja mara ya kwanza.

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea dada yangu chai. Soipan alifika na karatasi yenye majina ya vitabu vinne vya pesa. Alikuwa amepewa kwenye kongamano la vijana kanisani kwao, na aliyewapa aliwaambia kwamba mtu asiyesoma hivyo vyote atakufa maskini.

"Supa, mamii," Munyiva alimsalimia. Kimaasai chake kiliishia hapo.

"Ipa. Uko nazo hizi?"

Alikuwa navyo vyote vinne. Jumla ilikuwa shilingi elfu mbili na mia mbili, na tangu asubuhi hakuwa ameuza hata kalamu. Mimi moyoni nilishukuru. Lakini dada yangu alivipanga mezani, akaweka mkono juu yake.

"Kwanza niambie. Akiba yako ni ngapi?"

"Elfu mbili na mia sita."

"Zote?"

"Ndiyo zote. Si ndiyo maana nataka kusoma?"

"Na kazi inalipa aje?"

Soipan alicheka. Alisema mwezi wa kumi na mbili alipata elfu ishirini na moja kwa sababu watu walitaka kuhamia nyumba mpya kabla ya Krismasi. Januari alipata elfu sita tu. Wiki ambazo hakuna kazi alikuwa anakopa kwa simu ili ale, na kazi ikipatikana deni linameza nusu. Hilo ndilo alilotaka likome.

"Basi wewe ni mtu wa elfu sita," Munyiva alisema.

"Aa, sasa hiyo ni matusi. Mbona si ishirini na moja?"

"Kwa sababu kitabu kinapaswa kukubeba Januari. Desemba hata mimi najibeba."

Hapo ndipo nilipoona namna yake ya kufanya kazi, ingawa nilikuwa nimemwona akiuza kwa miaka tisa. Alifungua kitabu cha kwanza mahali penye mfano wa bajeti. Mwandishi alimwambia mtu mwenye mshahara wa elfu themanini aweke kando asilimia ishirini kila mwisho wa mwezi. Munyiva alifuta hesabu ile kwa kidole, kama mtu ambaye angeweza kweli kuifuta, akaweka elfu sita ya Soipan mahali pake. Kodi ya nyumba ilikuwa elfu tatu na mia tano. Akiba ya mwandishi ingekuwa elfu moja na mia mbili.

"Imebaki elfu moja na mia tatu. Utakula nini siku thelathini?"

Kitabu kile kikarudi rafuni.

Cha pili kilikuwa kimejaa sheria za pensheni za nchi ya mbali, za miaka ishirini iliyopita. Cha tatu alikifungua ukurasa wa mwisho, akamwonyesha namba ya simu na bei ya semina. "Huyu anauza semina. Kitabu ni bango lake tu." Cha nne kilihusu hisa. Alikishika kwa heshima. "Hiki ni kizuri, nimekisoma mara mbili. Lakini kinaanza na mtu ambaye tayari ana pesa asiyoihitaji mwaka huu. Wewe bado. Kitakungoja."

"Dada, wewe unauza ama unahubiri?" Soipan aliuliza.

"Leo siuzi."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakunitazama. Aliinama kwenye kreti la vitabu ambavyo hakuna aliyewahi kuviuliza, akatoa kijitabu kisicho na jalada. Kilikuwa kimeandikwa na karani mmoja wa chama cha ushirika kwa ajili ya wakulima wanaolipwa mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno.

"Mimi sina shamba," Soipan alisema. "Niko na brashi."

"Kila mahali pameandikwa mavuno, wewe soma kazi. Pameandikwa kiangazi, soma Januari."

Alimsomea palepale. Karani yule alisema mkulima ajilipe kiasi kilekile kila wiki, kidogo, ambacho hata msimu mbaya unaweza kukimudu, na pesa ya mavuno ikae mahali tofauti ili imngoje. Lengo la kwanza ni chakula na kodi ya mwezi mmoja. Nilimwona Soipan akisogea karibu, midomo ikifuata maneno. Mtu aliyeandikia wakulima wa mahindi alikuwa amemwandikia yeye bila kumjua, na dada yangu, aliyeishia kidato cha pili, ndiye aliyeliona hilo. Mwili wangu ulisisimka. Mpaka leo sina neno la kueleza, isipokuwa kwamba Mungu huwapa watu vipawa mahali ambapo hatuangalii.

Nusu ya pili ilihusu mikopo na hisa. Munyiva aliifunga kwa pegi aliyoitoa kwenye kamba ya turubai.

"Ukifikisha akiba ya mwezi mmoja, kuja nikufungulie. Kitabu ni shilingi mia."

Alipoondoka nilimgombeza dada yangu kwamba anafukuza biashara. Alikunywa chai yake.

Sasa Soipan alikuwa amerudi, na simu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilipomweleza, alikiweka kitabu magotini.

"Nimefikisha elfu saba na mia tano, kodi na chakula cha mwezi mzima," alisema. "Jana. Na tangu mwezi wa sita sijakopa."

Aliniomba nimtolee pegi. Nilimwambia si kazi yangu.

Tulimzika Munyiva Ijumaa, kwenye ploti yake ya Kisaju. Mchungaji aliomba, na akina mama wa kanisa wakaimba. Soipan alikuja kwa nauli aliyosema ameitoa kwenye ile akiba na atairudisha kidogokidogo wiki baada ya wiki. Jeneza liliposhushwa, Hillary alitupa udongo, kisha mimi, kisha watu wengine. Soipan alipofika ukingoni alitoa pegi kwenye kitabu, akaiweka mfukoni mwake, akachukua udongo akatupa. Wanaume walijaza kaburi kwa sepetu. Tuliweka maua na msalaba wenye jina lake. Kulikuwa na vumbi. Tulikula wali na maharagwe, tukakunja mahema, na kufikia saa kumi kila mtu alikuwa ameenda kwake.