Mwandiko wa Dokta

Kwenye chumba cha kufulia nguo za hospitali walimwita Dokta, na si kwa sababu aliwahi kumtibu mtu. Ni mwandiko. Siku mashine ya kupigia pasi mashuka ilipomnasa vidole vya mkono wa kulia, mwandiko wake mzuri ulikwenda na maji, ukabaki ule ambao hata muuza dawa angeukodolea macho. Kazini alicheka na wenzake. Akifika nyumbani alilia, tena kwa kwikwi.

Maana mama huyu alitaka uuguzi. Kutwa alikunja mashuka ya wagonjwa asiowaona, roho yake iko ghorofa ya juu, wodini. Jioni alisoma masomo ya watu wazima ili apate alama za kuingia chuo cha uuguzi.

Mwaka wa kwanza insha ya mtihani ilimwangusha. Akaomba isahihishwe upya, na jibu likaja bila kumung'unya maneno. Msahihishaji alishindwa kuisoma, akaipeleka kwa mkuu wake. Kilichosomeka kilipata alama zake, kisichosomeka hakikupata kitu. Hakuna aliyemkata alama kwa ubaya wa mwandiko, maana mwandiko mbaya unaosomeka si kosa. Ila msahihishaji haruhusiwi kubahatisha mtu alitaka kusema nini. Na Dokta alikuwa amesema mengi, masikini, na mazuri.

Mwaka wa pili ulipoanza akaenda kwa mratibu wa mitihani.

"Mwalimu, safari hii nipeni laptopu."

"Laptopu haitolewi kwa sababu mtu anaipenda, mama. Ingekuwa hivyo darasa zima lingekuja nazo kwapani."

"Na mkono huu je?" Akauweka mezani, vidole viwili vikiwa vimekataa kunyooka.

"Mkono nauona, na cheti cha daktari nitakipokea. Lakini baraza la mitihani litauliza, huyu kazi zake za kila siku anazifanyaje? Mwalimu wako anasema unaandika kwa kalamu."

Hapo akabanwa. Nyumbani alichapa kwenye laptopu ya dadake, vizuri tu. Darasani alishika kalamu, na mwalimu alipomshauri aiache alijibu kwamba yeye si mlemavu. Kiburi gani hicho? Kile kile kinachotufanya tukatae fimbo mpaka tuanguke.

"Mashine inaruhusiwa ikiwa ndiyo njia yako ya kawaida," mratibu akasema, sauti imelegea. "Darasani, kwenye majaribio, kote. Haiwezi kuwa jambo la kuzuka siku ya mtihani. Anza kesho, mwalimu akuone, kisha nitapeleka maombi kabla hayajafungwa."

Akaanza kesho yake, mbele ya watu. Wenzake walizoea upesi. Aliyeshindwa kuzoea ni yeye. Marehemu baba yake alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na ndiye aliyemshika mkono utotoni akamwonyesha jinsi herufi inavyoteremka bila kukwaruza. Kila alipobonyeza kitufe aliukosa ule mteremko. Aliitamani kalamu kama mtu anavyomtamani aliyesafiri. Darasani akiwaona wengine wameinama juu ya daftari, aliona wivu.

Maombi yakakubaliwa. Baadaye alama zilimtosha, na chuo kikampokea, lakini ukimuuliza, siku anayoisimulia ni ya mtihani wenyewe. Walimweka chumba cha peke yake, na msimamizi wake, ili kelele za vitufe zisiwasumbue wengine. Mashine ilikuwa ya kituo: haina intaneti, haina faili la mtu, na ile huduma ya kurekebisha tahajia imezimwa. Akaandika jina na namba yake juu ya kila ukurasa, akachapa insha mpaka mwisho.

Muda ulipokwisha, karatasi zikatoka kwenye printa mbele ya macho yake.

"Zipitie, mama, uhakikishe ni zako zote," msimamizi akamwambia.

Akazipitia. Kila neno lilikuwa limesimama wazi, mgeni yeyote angelisoma. Alifurahi, wallahi alifurahi, na papo hapo akaona uchungu, maana hapakuwa na mstari hata mmoja ambao baba yake angeutambua.

"Ni zako?"

"Ni zangu."

"Basi weka saini hapa chini."

Akapewa kalamu. Mbona aliona haya, kwa saini tu?

"Mwalimu, hii haitasomeka."

"Saini haisahihishwi, mama. Andika unavyotaka."

Akainama, akaandika jina lake lote, polepole, na la baba yake.