Hakupigwa Hata Kofi

Mteja wangu alikuwa fundi cherehani wa Usagara, aliyeshtakiwa kuchoma moto duka la jirani yake. Hakuna aliyemwona akiwasha moto. Upande wa mashtaka ulitegemea maelezo yake ya polisi tu, ambamo alikiri kila kitu.

Nilipomtembelea mahabusu nilimuuliza, "Walikupiga?"

"Hata kofi, wakili. Walimkamata mama. Nilimsikia akikohoa chumba cha pili. Wakaniambia, saini, mama yako aende nyumbani. Ningekiri hata kuzamisha meli."

Siku ya kesi, askari mpelelezi aliomba maelezo yale yapokelewe kama kielelezo. Nikasimama kabla hayajapokelewa.

"Mheshimiwa, napinga. Hayakutolewa kwa hiari."

Hakimu akasimamisha kesi kubwa ili kwanza tusikilize jambo hilo peke yake. Kuthibitisha hiari ni kazi ya upande wa mashtaka, si ya mshtakiwa, kwa hiyo askari ndiye aliyeanza. Akaapa kwamba hakumgusa mtu. Nami sikubisha.

"Mama wa mshtakiwa alikuwa kituoni siku ile?" nilimuuliza.

"Alikuwepo."

"Kwa kosa gani?"

"Tulikuwa tunamhoji."

"Kwa kosa gani, afande?"

Akamtazama mwendesha mashtaka. "Hakuwa na kosa."

"Aliachiwa lini?"

Ilibidi hakimu amwamuru ajibu.

"Baada ya mwanawe kusaini."

Fundi akasimulia yake, kisha akafuata mama yake, bibi wa Tongoni aliyejitanda kanga, akaeleza alivyofungiwa bila kuambiwa sababu. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama hakuja kumtetea mwanawe tu.

"Nimekuja kusema nilikolala, baba. Wewe ungelala pale ungesema vilevile."

Hakimu alisoma uamuzi wake taratibu. Si kila ahadi au tishio hubatilisha ungamo, alisema. Swali ni kama lingeweza kumfanya mtu akiri asilolitenda. Mtoto anayemsikia mama yake nyuma ya ukuta atasema lolote apate kumtoa, na mahakama haiwezi kujua kama lolote hilo ni kweli. Maelezo yakakataliwa.

Upande wa mashtaka haukuwa na shahidi mwingine wa maana. Walipofunga ushahidi wao, hakimu akatamka kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Yuko huru.

Fundi alibaki ameshika ukingo wa kizimba kana kwamba hakusikia, mpaka karani alipomwambia atoke. Nje, nilimwinamia bibi. "Shikamoo, mama. Tumeshinda."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Niache kwanza."

Akatupa mtandio begani, akapiga vigelegele vya harusini pale barazani pa mahakama, na wanawake waliokuwa wakisubiri kesi zao, wasiojua habari yetu hata kidogo, wakampokea.