Waya wa Mia na Ishirini

Mdogo wangu alipokuwa na kibanda chake cha gemu pale Nkuhungu, kila aliyeshindwa alikuwa na sababu yake. Huyu jua limemmulika machoni, yule pedi ya kuchezea imelegea vibonyezo, na wengi zaidi walilaumu waya unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye TV. "Bro, waya wako unachelewa. Mimi nimeshabonyeza, gari halijakata kona!" Mdogo wangu alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo.

"Waya hauchelewi, wewe," anawaambia. "Waya unafikisha au haufikishi. Ukizidiwa, picha inakatika, inajaa vitone vyeupe, au TV inakuwa nyeusi. Umeona weusi hapo? Hujauona. Basi umepigwa. Achia pedi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda. Aliyeshindwa anaachia pedi, anamwekea mapajani anayefuata kwenye benchi, na hakuna kununa. Nikitoka kazini Chamwino, ambako mimi ni katibu muhtasi, nilikuwa napita hapo kumpelekea chakula, na mara moja moja ananikalisha kwenye benchi na wateja wake nikimbize magari. Sikuwahi kumshinda hata siku moja. Nilikuwa nagonga ukuta kwenye kona ya kwanza, kibanda kizima kinanizomea, na mimi nawajibu vizuri tu, maana mdomo ninao.

Halafu akafunga kibanda. Akasema wateja wamepungua. Akauza TV zote akabakiza moja, ile kubwa, na mashine yake mpya ya gemu, akaja navyo sebuleni kwangu. Mimi sikuamini habari ya wateja kupungua. Nilikuwa nimeshaona kikombe kikimdondoka, kisha funguo, kisha kijiko. Mkono wa kushoto. Ile nyama ya chini ya kidole gumba, inayotuna mtu akikunja ngumi, kwake ilikuwa imeingia ndani.

Niseme wazi kwa nini niliogopa. Baba yetu alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati la kanisani, tukamcheka. Baadaye jembe likawa linamponyoka shambani. Baadaye miguu, na mwisho hata uji haukupita kooni. Tulimuuguza wenyewe, mimi na mdogo wangu, tukipokezana kumgeuza kitandani. Kwa hiyo nilipomwambia twende hospitali, hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake tunakwenda kutafuta nini.

"Nimelalia mkono, dada."

"Umelalia mkono tangu kiangazi? Una usingizi gani wewe?"

Akacheka. Hakwenda.

Siku nzima alikuwa anashinda mbele ya TV. Na hapo ndipo nilipomsikia, mimi nachambua mchele, yeye kagonga ukuta kwenye kona ambayo zamani aliipita huku anaongea na simu. Akaitazama TV muda mrefu. Akasema, "Waya huu unanichelewesha."

Jamani. Mikono yangu ilisimama kwenye ungo. Katika watu wote wa Dodoma, yeye ndiye aliyesema waya unachelewa.

Nadhani na yeye alijisikia, maana alianza kujieleza haraka haraka. Waya uliokuja na mashine ulivunjika kichwa wakati wa kuhama, sasa anatumia wa zamani, wa mashine ya zamani. Huo unabeba picha sitini kwa sekunde tu kwenye ukubwa kamili wa TV ile. Mashine na TV vyote vinaweza mia na ishirini, lakini akiweka mia na ishirini, waya unazidiwa. Akanionyesha. Picha ikaja, ikamwaga vitone vyeupe kama chumvi, ikazima, ikarudi, ikazima tena.

"Umeona? Kwa sitini kila picha inakaa mara mbili zaidi kabla ya inayofuata. Naona kona imechelewa, nakanyaga breki nimechelewa. Nikipata mia na ishirini nitawahi."

Na hapo ndipo uchungu ulipo, kwamba hakuwa anadanganya. Mia na ishirini ni tofauti, hata mimi nisiyejua kitu niliiona kibandani, gari linateleza laini na mkono unajisikia upo karibu na barabara. Ila tofauti hiyo ni ndogo mno, chini hata ya kupepesa jicho, na yeye alikuwa anachelewa kwa kiasi ambacho mtu anayechambua mchele anakiona.

"Sawa," nikamwambia. "Nakununulia waya. Wa kweli, si wa kubabaisha. TV ikisoma mia na ishirini, isikatike, na bado unachelewa, tunakwenda hospitali."

Kisha akasema, "Sitabisha, dada." Akanifundisha cha kutafuta, kwa sababu kazi hiyo aliijua kuliko wauzaji. Nisidanganywe na maandishi makubwa ya boksi, kila mtu anaweza kuchapisha boksi. Nitafute kibandiko kilichoandikwa Ultra High Speed, chenye alama ya kuskani kwa simu. Na nisichukue mrefu, maana mkondo wa picha mkubwa kiasi hicho unafifia njiani. Mita mbili zinatosha.

Jumamosi nikaenda mjini, duka la vifaa vya umeme karibu na soko. Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani kichwani, akaniuliza ni wa king'amuzi au wa nini.

"Wa gemu. Mia na ishirini."

Akanishushia maboksi mawili. La kwanza lilikuwa linang'aa, herufi za dhahabu, 8K kubwa kama kiganja, waya mnene umesukwa kama nywele, mita tano. Nililigeuza pande zote, kibandiko hakuna. La pili lilikuwa jembamba, la kawaida, mita mbili, na pembeni kibandiko kimoja. Nikatoa simu, nikaskani kwa ile programu aliyoniwekea mdogo wangu. Ikasoma. Jina la waya likaja, urefu ukaja, vyote vikalingana na boksi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa nilisimama kwenye lile duka mpaka yule dada akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nimeshika boksi moja mkono huu na jingine mkono ule. Nikichukua hili la dhahabu, nilijua litakachofanya. Litamwaga vitone, litakata picha, na mdogo wangu atasema, unaona dada, si mimi. Atakuwa na miezi mingine ya kuwa si yeye. Nikichukua hili la pili, hatakuwa na pa kujificha, na mimi sitakuwa na pa kujificha. Nilitamani simu iseme kibandiko ni feki. Niliskani mara ya pili nikiomba iseme hivyo. Ikasoma vile vile.

"Mama, hili la dhahabu ndilo wanalopenda," muuzaji akasema.

"Najua wanalipenda," nikasema. Nikalipia lile jembamba. Nililia barabarani, wazi wazi, watu wananipisha.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameshasogeza TV kutoka ukutani. Hakuweza kuushindilia mwenyewe, kile kichwa cha waya kilimponyoka mara mbili, nikakishika nikakiingiza mimi huku yeye ananielekeza. "Si tundu hilo. La nne. Hayo mengine yanaishia sitini." Tukaingia kwenye mipangilio ya TV tukafungua tundu lile lipokee mkondo mkubwa, tukawasha na hali ya gemu. Kwenye mashine tukaruhusu mia na ishirini. TV ikawa nyeusi.

Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliwaza, waya mbovu, tumepona.

Picha ikarudi. Ilikuwa inabadilisha tu. Akabonyeza rimoti, pembeni kikatokea kijisanduku cha maelezo: ukubwa kamili, mia na ishirini. Tukasubiri. Hakuna kitone, hakuna kukatika. Gari la kwenye skrini lilisimama limetulia mpaka vumbi la kwenye matairi unaliona.

"Anza wewe," akasema.

Nikaanza mimi. Nikaendesha vile vile ninavyoendesha siku zote, nikagonga hapa, nikakwaruza pale, nikamaliza mzunguko. Muda wangu ukaandikwa juu. Nikamwekea pedi mapajani. Aliishika kwa mikono miwili, akapanga vidole vya kushoto kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, kama mtu anayemvalisha mtoto.

Alianza vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa mzima bado, mafuta anakanyaga kama zamani, gari linalia. Ikaja kona ya kwanza. Niliangalia kidole chake badala ya TV. Niliona pale kilipotakiwa kubonya breki, nikakiona kinatetemeka, halafu ndipo kikaenda. Ukutani. Kona ya pili, ukutani. Kona ya tatu gumba lilitakiwa kukata kushoto, likateleza juu ya kile kishikio cha kukatia kona, gari likageuka nyuma mbele. Hakusimama. Alilirudisha barabarani akalimaliza lile duara lote, kona baada ya kona, mdomo ameukaza, na mimi nasema kimoyomoyo, nenda, baba, nenda, nenda.

Muda wake ukaandikwa chini ya wangu.

"Nilibahatisha," nikasema. "Turudie. Hujapasha mkono."

Akachukua rimoti, akakileta tena kile kijisanduku cha maelezo. Mia na ishirini. Akakiangalia mpaka kikapotea chenyewe. Nje upepo ulikuwa unapiga bati, na jirani alikuwa anaita kuku wake.

"Waya ni mzima, dada," akasema.

"Labda TV. Labda ile hali ya gemu haijakubali. Labda..." Mimi huyo, mwenye mdomo, nilikuwa najiumauma kama wale wateja wake wote wa Nkuhungu, natafuta jua la machoni, natafuta kibonyezo kilicholegea.

Akacheka. Si kile kicheko cha kushika tumbo, lakini alicheka. Akaiondoa ile pedi kwenye vidole vyake kwa mkono wa kulia, akainyoosha, akaniwekea mapajani taratibu, jinsi ilivyokuwa sheria.

"Umeona weusi hapo?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Hujauona. Basi nimepigwa," akasema. "Hospitali wanafungua saa ngapi Jumatatu?"