Muhuri wa Bwana Mongi

Binti wa Mabrouka anakufa kwa saratani huko Lyon, Ufaransa, na ili mama apate viza ya kwenda kumwona, ubalozi unataka barua ya Kifaransa, yenye sahihi na muhuri wa mwajiri, kwamba kweli ana kazi. Akamfuata mwenye kiwanda cha nguo anakoshona, hapo Sfax, Tunisia.

"Bwana Mongi, niandikie tu nashona hapa tangu lini."

"Mama, nikiandika hivyo, watu wa bima ya wafanyakazi wataniuliza kwa nini sikukusajili. Unataka wanifunge?"

"Nataka kumwona mwanangu."

Mongi akainamisha macho. Roho ilimuuma, ila muhuri hakuugusa.

"Chukua likizo basi. Hata mwezi."

Likizo ya kwenda wapi? Mabrouka akarudi kwenye cherehani, akamaliza mkono wa shati, akashika mwingine.