Chupa Arobaini Nyekundu

Shangazi yangu anazibua mitaro ya mtaa wetu, na ulimi wake unakata kuliko sepetu. Ndugu wa mumewe ni afisa usafi. Alipolihamishia gari la taka la mtaa wetu ufukweni, ambako wapiga picha hufika, shangazi aliacha kumsalimia.

Plastiki ikalundikana vichochoroni. Siku moja kabla ya mvua, shangazi alipaka rangi nyekundu chupa arobaini palepale zilipotupwa, kando ya mtaro. Mvua ya kwanza ikazisomba zote hadi mtoni.

Wiki mbili baadaye afisa alikuja kwetu na kofia mpya, akitamba kwamba ufukwe unang'aa. Akaweka mezani chupa tatu nyekundu.

"Mjinga gani huyu anapaka taka rangi?"

"Mimi, shemeji. Zilikuwa arobaini. Nyingine ziko wapi?"

Afisa akazigeuzageuza zile tatu, na shangazi akajijibu mwenyewe.

"Zimenasa kwenye matete ya mtoni, zimezama kwenye tope, na nyingine zimeshaupita ufukwe wako zamani, ziko baharini. Hapa nje ningeziokota zote kabla chai haijachemka, ila gari la kuzibeba unalo wewe. Ufa uko huku, ukuta unajenga kule."

"Usinivunjie heshima, shemeji."

Shangazi akamsukumia zile chupa mapajani.

"Kaa nazo. Kesho mvua inanyesha tena, na safari hii sijapaka rangi. Ukiziokota ufukweni utadhani zimetoka mtaa mwingine."