Vijiko Sita vya Kreatini

Shule niliacha Form Two, lakini kujumlisha najua. Hiyo ndiyo ilinimaliza.

Nilikuwa nimeenda matanga ya mjomba wangu huko Naitiri. Nilidhani ni siku mbili, ikawa sita, maana kwetu huwezi kutoka matanga kabla wazee wamalize maneno. Kopo yangu ya kreatini, ile unga ya misuli, ilibaki kwangu Kitale, juu ya kabati. Kila siku nakunywa kijiko kimoja. Sasa siku sita, hata kimoja hakuna.

Nilirudi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi jim yetu ilikuwa inashindana na jim moja ya Bungoma, na mimi ndiye nilichaguliwa kuchuchumaa na chuma ya kilo mia moja na ishirini. Nikajishika mapaja. Nikaona ati yamekonda. Nikapiga hesabu: siku sita, vijiko sita.

Maji ya moto sikuwa nayo. Nikakoroga vyote sita kwa uji baridi ya jana nilipewa na jirani, ile imeanza kuchacha na kufanya ngozi juu. Ilikuwa kama kumeza mchanga ya mto na makamasi. Kila nikimeza, inarudi mpaka kooni inanisalimia. Nikamaliza yote, mjinga mimi, nikalamba hata kikombe.

Asubuhi tukiwa Bungoma, tumbo lilikuwa linanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Nilikuwa nimeenda choo mara nne. Hiyo choo ya uwanja, bana! Nzi zimenona kuliko mimi, sakafu imelowa, na ndala yangu moja ilikwama kwa kitu sikutaka kujua ni nini. Niliiacha huko.

Kocha wetu, mama mmoja mfupi mwenye mkono nzito, alinikuta nimeegemea ukuta na ndala moja.

"Wewe, umekula nini?"

Nikamwambia.

"Sita? Mara moja?" Akarudi nyuma hatua mbili. "Si ungeuliza! Ukisahau siku kadhaa unaendelea tu na kijiko chako kimoja. Hulipi zile umeruka. Ile iko kwa misuli haiishi kwa siku sita, inachukua wiki kadhaa kupungua."

"Lakini mapaja yamekonda, Kocha."

"Kilichokonda ni akili. Na leo huchuchumai. Ukienda chini na hiyo tumbo, nani ataosha sakafu ya wenyewe?"

Watu wa Bungoma walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nafasi yangu akapewa kijana mmoja wa jim yetu, mwendesha pikipiki, akashindwa kuinuka na kilo mia na kumi. Tukapoteza.

Jumapili nilipumzisha tumbo. Jumatatu nikakunywa kijiko kimoja kwa maji vuguvugu, nikiwa nimefunga pua. Jumatano, jim yetu ya Kitale, nikaweka kilo mia na ishirini mabegani, nikashuka, nikainuka. Mara tatu. Nguvu haikuwa imeenda mahali popote.

Kocha akatema mate nje ya dirisha, akasema, "Kijiko kimoja, umeona?"