Nakala ya Mjomba

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa nimechoka hoi. Nilikuwa msajili wa chuo kimoja kidogo chini ya milima ya mawe ya Masasi, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaambia vijana kwamba wamechelewa. Magoti yalikuwa yananiuma, feni ya ofisini ilizunguka pale ilipojisikia, na nilikuwa nimekwisha kununua miche ya mikorosho ya kupanda Newala nikistaafu Desemba.

Ndipo akaingia binti mmoja mwembamba, amekumbatia bahasha kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni cheti, njoo Jumatatu."

"Si cheti, mama. Nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ujerumani. Naomba kibali chako, ila nikirudi nikute bado mimi ni mwanafunzi wenu na masomo yangu yamehesabiwa."

Alikuwa anamaliza mwaka wa kwanza, anasoma historia, kwao Chilangala, Newala. Chuo chetu kilikuwa na makubaliano na chuo kikuu cha huko, na idara yake ilikuwa imempendekeza yeye. Alitaka kujifunza kusoma mwandiko wa kale wa Kijerumani, ule wa maofisa waliotutawala, kwa sababu taarifa walizoandika wakati wa Maji Maji kuhusu Masasi na Newala ziko kule, na hapa petu hakuna anayeweza kuzisoma. Maneno mazuri. Nikamwambia alete fomu.

Akanipa Fomu ya Kuahirisha Masomo. Imejazwa vizuri, imesainiwa, tarehe ipo. Mtu mmoja kwenye korido alikuwa amemwambia hiyo ndiyo inayopita haraka.

Niliichana vipande viwili mbele ya macho yake. Binti akarudi nyuma hatua moja. Sikumweleza siku ile kwa nini, maana sikuwa na hamu ya kujieleza, lakini hapa nitasema. Miaka mingi nyuma alikuja kijana mwenye ombi kama lake. Nami, kwa uvivu wangu, nilimpa fomu hiyohiyo ya kuahirisha kwa kuwa ilihitaji saini mbili tu. Nikamwambia kwa mdomo, "Nenda mwanangu, nafasi yako ipo." Alisoma, akafaulu, akarudi na matokeo yake. Seneti ikayakataa. Aliyeahirisha masomo si mwanafunzi kwa muhula huo, na asiye mwanafunzi hawezi kupata krediti, popote alikosoma. Akatakiwa kurudia muhula mzima. Alikaa wiki tatu darasani, akaondoka. Hadi leo anaendesha bodaboda stendi ya Masasi. Akiniona ananiamkia, nami naitikia huku nikitazama pembeni. Naona aibu, na aibu hiyo haijawahi kupungua.

Kwa hiyo huyu binti nilimsumbua. Nilimtaka alete kwanza mkataba wa masomo: orodha ya kila somo atakalosoma kule, na mkabala wake somo la kwetu litakalochukuliwa kuwa amelisoma, na saini za pande tatu, yaani yake, ya idara yetu na ya chuo cha kule. Krediti moja ya kule ina saa nyingi kuliko moja ya kwetu, basi zisinakiliwe hivihivi, zibadilishwe. Alama nazo: kule moja ndiyo ya juu kabisa na tano ni kufeli. Tukubaliane kabla hajaondoka kwamba akifaulu atapewa krediti tu, bila alama kuingia kwenye wastani wake. Kisha kitivo kipitishe, kisha Seneti, na yote yamalizike kabla hajapanda ndege.

Alikuja na kurudi nadhani mara nane. Mara ya tano alikuja amevimba macho. Mbinu za Utafiti, somo la lazima linalofundishwa muhula wa kwanza tu, halikuwa na mwenzake kule, na mkuu wa idara alikuwa amegoma kusaini mkataba.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Amesema, yaani mtoto wa Newala aende Ujerumani kusomea Maji Maji? Bibi zake hawapo?"

Nilikaribia kucheka. Nikamwambia arudi na muhtasari kamili wa lile somo la kusoma nyaraka za kale, wiki kwa wiki, vitabu na mitihani, amwekee mezani kama mbadala wa Mbinu za Utafiti, bila kubishana. Siku tatu baadaye mkuu wa idara alisaini.

Juma moja kabla ya kikao cha Seneti, binti alikuja na mzee mwenye kofia ya kufumwa na shati lililopigwa pasi kwa bidii. Nikasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Poleni na kazi."

"Ni mjomba wangu," binti alisema, na sote watatu tulijua maana yake. Kwetu huku baba ni baba, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Kwenye faili lake pia, mahali pa mlezi, lilikuwa jina la mzee huyu.

Nikadhani amekuja kunibembeleza. Nikaanza kumweleza habari ya kitivo na Seneti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, kwa lafudhi ya kwao, "Hayo mimi njomba wake siyajui. Mimi nimekuja kwa jambo moja. Huyu anaondoka, shamba lake linabaki. Nani analishika?"

Sikumwelewa. Akavuta kiti. Wakati wa vita ya Maji Maji, akasema, bibi wa mama yake alikimbia na wanawe kujificha kwenye vichaka vya bondeni. Waliporudi walikuta mihogo yao inachimbwa na watu wengine, na wale watu wakasema hawajui kama hapo palikuwa na mwenyewe. Hakukuwa na wa kumtolea ushahidi. Tangu hapo, kwenye ukoo wao, hakuna anayeondoka kwenda mbali kabla ya kumpeleka jirani mpakani na kumwambia: shamba hili ni langu, naondoka, nitarudi, wewe ni shahidi. Jirani akishakubali, hata akihama, ataitwa.

"Sasa wewe ndiye jirani," akasema. "Unakubali?"

Ningeweza kumjibu kwamba chuo hakiendeshwi hivyo. Nilikuwa na hasira kidogo hata, kwa kuwa Desemba nilikuwa naondoka na huyu mzee alikuwa ananifunga kamba mguuni. Nikamwambia ukweli: "Baba, mimi Desemba sipo hapa. Neno langu halitakuwa na kazi."

"Basi andika," akasema. "Na ukiitwa, uje."

Binti alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamuuliza kama anaridhia mjomba akae na nakala ya barua yake. Akasema ndiyo. Seneti ilipopitisha, niliandika barua fupi: kwamba kwa muhula wa kwanza wa mwaka wa pili mwanafunzi huyu anabaki amesajiliwa, yuko masomoni chini ya mpango wa kubadilishana wanafunzi, hajaahirisha, na krediti zitahamishwa kwa mkataba ulioambatishwa. Nikaweka namba ya azimio la Seneti. Nakala kwa idara, nakala kwa ofisi ya mitihani, moja ndani ya faili. Ya nne niliigonga muhuri nikampa mzee. Aliikunja, akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kofia yake.

Desemba nikaagwa kwa keki na blanketi. Nikaenda Newala kwenye mikorosho yangu, nikalala usingizi wa mchana ambao nilikuwa nautamani kwa miaka.

Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi asubuhi, nilimkuta yule mzee kwenye kibaraza changu, kofia magotini.

"Jirani," alisema, "umeitwa."

Binti alikuwa amerudi na amefaulu masomo yote. Lakini muhula wa kwanza ulipofungwa, mfumo wa kompyuta uliwafuta wote ambao hawakujitokeza kusaini usajili, na yeye alikuwa kati yao. Mbele ya jina lake paliandikwa: ameacha masomo. Matokeo kutoka Ujerumani yalikuwa yamefika, ila hayakuwa na pa kuingizwa. Faili lilikuwa limepotea wakati ofisi ilipohamishiwa jengo jipya, mkuu wa idara alikuwa likizo, na ofisi ya mitihani ilisema inamsubiri msajili. Usajili wa muhula wa pili ulikuwa unafungwa kesho yake, Ijumaa.

Nilitamani kusema nimestaafu. Na kweli nilisema, kwa sauti, nikamwona mzee anatazama miche yangu. Nikaingia ndani kuvaa viatu.

Tulifika chuoni saa nane mchana, tukamkuta binti anatusubiri. Nilisimama kwenye foleni mbele ya dirisha ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyeomba litobolewe, na msichana wa dirishani, ambaye hakunijua, akaniambia kama ni cheti nije Jumatatu. Nilistahili. Baadaye msajili mpya alitoka, akatukaribisha. Si mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu na lundo la karatasi, na nikamwonea huruma.

Mzee alivua kofia, akatoa mfuko wa nailoni, akafungua barua juu ya meza. Msajili aliisoma, akanitazama.

"Saini hii ni yako, mama?"

"Ni yangu. Azimio la Seneti limeandikwa hapo. Fungua kumbukumbu za kikao."

Alifungua. Ilichukua muda mrefu, na binti alikuwa anabana vidole vyake. Kisha msajili akasema, "Lipo." Akaandika agizo la kurudisha jina na kuhamisha krediti kama mkataba ulivyosema, zote, pamoja na Mbinu za Utafiti. Binti akasaini usajili wa muhula wa pili saa kumi kasoro robo. Alilia kidogo, mjomba wake akamwambia aache, watu wana kazi.

Wao walibaki kufuata kitambulisho. Mimi nilitoka kutafuta usafiri wa kwenda stendi, na bodaboda iliyosimama getini ilikuwa ya yule kijana niliyempa fomu ya kuahirisha, ambaye sasa ana mvi mbili tatu kidevuni.

"Shikamoo mama. Nilidhani ulishastaafu."

"Marahaba. Nimestaafu. Nilikuja kwa ajili ya binti mmoja." Nikamweleza habari ya mjomba wake na barua ya kwenye kofia, nusu nikitaka anyamaze, nusu nikitaka anitukane. Safari hii sikutazama pembeni. Nikamwambia kwamba lile kosa lake la zamani lilikuwa langu, kwamba fomu niliyompa haikuwa ile iliyotakiwa, na kwamba naomba anisamehe.

Alifuta kiti cha nyuma kwa kitambaa ili nikae.

"Mimi mjomba wangu hakuja, mama," alisema, akawasha pikipiki.